Bisi, vipande vya chungwa au kranberi: mtungo upi utakaa hadi Januari?

Anayetaka kupamba mti wa Krismasi au dirisha kwa vitu vya jikoni hukwama mahali hapa: atunge bisi, akaushe machungwa, au anunue kranberi mbichi, yale matunda madogo mekundu ya Marekani, azitunge kama shanga? Siku ya kwanza vyote vinapendeza. Wiki ya tatu ndipo mambo yanapojitenga. Mtungo mmoja uko vilevile, mwingine umelegea, mwingine umeota ukungu kwa nyuma ambako hakuna aliyetazama.

Mtungo wa bisi na kranberi ni desturi ya Marekani, ya tangu karne ya 19, na ilikua katika nyumba za baridi kali zinazopashwa moto mchana na usiku. Familia nyingi za Waswahili walioko Minnesota, Texas au Ontario zimeipokea kupitia watoto wanaotoka nayo shuleni. Sasa ndugu zao walioko Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaona picha na kutaka kufanya hivyo hivyo. Hapo ndipo maelezo ya kawaida yanapowapoteza, kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya hewa moja tu. Mdogo wangu wa Dar alinitumia sauti siku nne baada ya kutundika mtungo wake: "Dada, bisi zimelainika zote, ukizibonyeza hazirudi." Hakukosea hatua hata moja. Alifuata maelezo ya nyumba yenye hewa kavu akiwa ndani ya hewa ya pwani.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kipi ni bora, tazama hewa ya nyumba yako.

Tutapima kwa nini

Lengo ni mtungo utakaotundikwa mwanzoni mwa Desemba na kushushwa baada ya Mwaka Mpya, yaani wiki nne hadi tano. Nitaviangalia vitu vyote vitatu kwa mambo yaleyale: kazi ya kuvitayarisha, jinsi vinavyopokea sindano na kuulemea uzi, vinavyostahimili unyevu wa hewa, na wadudu wanaovifuata. Rangi nakuachia mwenyewe.

Tuchukue mfano mmoja ili tulinganishe sawa kwa sawa: mtungo wa mita 3, wa kupita juu ya dirisha au kuzunguka mti mdogo wa mezani.

Kutayarisha

Bisi ndizo rahisi kuliko zote, kwa sharti moja: zisiwe na mafuta, siagi, chumvi wala sukari. Mafuta yataharibika baada ya wiki mbili na chumba kizima kitanusa. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Kwa hiyo zile bisi za pakiti zilizokwisha kutiwa siagi hazifai. Chukua mahindi ya bisi makavu, robo kikombe, uyatie kwenye mfuko wa karatasi usio na maandishi, ukunje mdomo, uweke kwenye maikrowevu hadi mlio uanze kupungua. Mwenye mashine ya kulipulia bisi kwa hewa ya moto atumie hiyo. Mita 3 zinahitaji bisi nzuri zipatazo 180, lakini lipua mara mbili ya hapo, maana nyingi zitavunjika mkononi na nyingine ni ndogo mno.

Baada ya kulipua, usitunge siku hiyohiyo. Bisi ya moto ni kavu sana na hupasuka ikiguswa na sindano. Zitandaze kwenye sinia zilale wazi usiku kucha. Zitanywa unyevu kidogo kutoka hewani, zitakuwa na mnato wa ndani, na sindano itapita bila kuzipasua. Kwenye nyumba iliyopashwa moto zitakauka tena zikiwa kwenye uzi na kushika pale pale.

Machungwa ndiyo yenye kazi. Kata vipande vya mviringo vyenye unene wa milimita 5 au 6, vyote sawa. Unene ukitofautiana, vyembamba vitaungua wakati vinene bado vinatoa maji. Toa kokwa zote, kwa sababu zikikauka hudondoka na kuacha matundu. Vifute kwa kitambaa safi, vipange juu ya wavu wa chuma, viingie kwenye oveni ya nyuzi 90 hadi 95 za Selsiasi kwa saa tatu, nne au zaidi, ukivigeuza kila baada ya saa moja. Bana mwiko kwenye mlango wa oveni ubaki wazi kidogo, mvuke utoke. Ukiongeza moto ili umalize haraka, sukari ya chungwa itaungua na vipande vitatoka kahawia badala ya rangi ya asali. Chungwa moja la wastani hutoa vipande saba hadi tisa vizuri, na kwa mita 3, kimoja kila sentimita 13 hivi, machungwa matatu yanatosha.

Kujua kama yamekauka ndiyo sehemu ambayo watu wengi huikatiza. Kingo hukauka mapema na kudanganya macho. Bonyeza katikati, pale mistari yote ya chungwa inapokutana. Kama kidole kinanata, bado. Kisha vikipoa, tia vipande viwili kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kizuri, ulale nayo hadi asubuhi. Ukikuta ukungu wa mvuke kwenye kioo, maji yamo ndani, virudi kwenye oveni kwa saa moja nyingine. Hii chupa ndiyo hakimu wangu, siiruki.

Machungwa yetu ya Muheza na kwingineko huiva yakiwa na ganda la kijani, kwa kuwa usiku wa joto hauliruhusu ganda kugeuka rangi. Yakikauka, ukingo wake hutoka wa kahawia iliyopauka badala ya rangi ya machungwa inayoonekana kwenye picha za watu. Hayakai vibaya kwa sababu hiyo. Ukitaka ukingo wenye rangi, tafuta machenza yaliyogeuka njano, ila ganda lake limelegea na vipande hufumuka vikikatwa vyembamba.

Kranberi ni tunda dogo jekundu, chachu sana, lenye ngozi ya nta, linalovunwa Marekani ya kaskazini kuanzia Septemba hadi Novemba, hasa katika jimbo la Wisconsin. Unanunua mbichi, unachagua zilizo ngumu na kuzitupa zilizolainika, basi. Tunda zima lina vyumba vya hewa ndani, ndiyo maana zuri hudunda ukiliangusha mezani na bovu hukaa chini. Pakiti ya gramu 340 hutoa takriban mita 3 za mtungo uliobanana. Zile kranberi kavu zinazouzwa madukani kama zabibu usizitunge: zimetiwa sukari, zinanata, na hazitakauka kamwe. Afrika Mashariki mbichi ni nadra kupatikana, kwa hiyo sehemu hii ni ya wale walioko ughaibuni.

Sindano, uzi na uzito

Kwa bisi, tumia sindano nyembamba ya mkono. Shazia ni nene mno, inavunja kila bisi ya pili. Ukiiangalia bisi kwa karibu utaona ina ganda la kahawia lililong'ang'ania upande mmoja, na kwa upande mwingine mabawa meupe yaliyopasuka. Usichome kwenye mabawa, hayana nyama, yatakatika na bisi itaanguka. Usichome kwenye ganda pia, ni gumu na sindano itateleza kwenye kidole. Pitisha katikati, pale mabawa yanapoungana. Kuna aina ya mahindi ya bisi inayolipuka kuwa duara kama uyoga badala ya mabawa, na ukiipata, tunga hiyo, inavumilia mikono zaidi.

Mtungo mzima wa bisi wa mita 3 hauzidi gramu 30 au hivi, kwa hiyo uzi wa pamba wa kawaida unaotumika kushonea vifungo unatosha. Uzi wa cherehani uliopitishwa mmoja ni mwembamba mno: hukata bisi kama waya unavyokata sabuni, hasa zikiwa zimelainika. Pitisha uzi mara mbili.

Kranberi ni kinyume. Mtungo uleule wa mita 3 una uzito wa zaidi ya robo kilo siku ya kwanza, na juisi yake inalowesha uzi. Uzi wa pamba ukilowa kwa asidi ile wiki nzima huchoka. Hapa uzi wa nta wa kusafishia meno ndio bora, usio na ladha ya minti, kwa kuwa ni imara na huteleza vizuri ndani ya tunda. Mshipi mwembamba wa kuvulia nao unafaa, ila fundo lake hufunguka lenyewe, kwa hiyo funga mara tatu. Pitisha sindano kutoka kwenye kikonyo hadi upande wa pili, si kiubavu, ili vyumba vya hewa visipasuke. Vaa nguo ya zamani. Juisi yake haitoki kwenye kitambaa cheupe.

Kwa vipande vya chungwa, swali si uzi bali pa kuchoma. Wengi huchoma kwenye ganda wakidhani ndipo palipo imara. Ganda likikauka huwa gumu na hupasuka kutoka kwenye tundu kwenda nje. Choma ndani kidogo ya utando mweupe, nusu sentimita kutoka ukingoni, mahali ambapo ganda na nyama vinashikana. Ukitaka kipande kitazame mbele, toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita mbili na upitishe uzi kwa nyuma. Kwa tundu moja, kila kipande kitageuka upande wake na utaona kingo tu.

Kwa vyote vitatu, usitunge mita 3 kwa uzi mmoja. Tunga vipande vya mita moja moja kisha uunge. Uzi mrefu hujisokota, na ukikatika unapoteza kila kitu. Weka pia fundo kila baada ya sentimita 30, isipokuwa kwenye kranberi ambazo utazisogeza baadaye, ili hata ikitokea bahati mbaya kumwagike kidogo tu.

Wiki ya kwanza hadi ya tano

Bisi ni wanga uliovimba na kujaa matundu madogo ya hewa. Inatoka kwenye moto ikiwa na maji kidogo sana, na tangu hapo kazi yake ni kunywa unyevu uliopo chumbani mpaka ilingane nao. Katika nyumba ya Minneapolis mwezi Desemba, ambako nje ni barafu na ndani mashine ya joto inanguruma, hewa ya chumbani ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Mtungo wa bisi uliotundikwa hapo unakauka na kubaki mweupe hadi Januari na zaidi, ukikusanya vumbi tu. Katika chumba cha Dar es Salaam mwezi huohuo, madirisha wazi na jasho shingoni, bisi haina pa kupeleka unyevu. Inalainika siku chache, inajikunja, mabawa yanalala, na kufikia wiki ya pili rangi imegeuka manjano. Kuirudisha kwenye oveni kwa dakika kumi kunaisaidia kwa siku mbili tatu, kisha yanajirudia yaleyale.

Kranberi zina safari ndefu kidogo. Asidi yake na ngozi ya nta huzuia kuoza, na katika hewa kavu hazikaushwi kwanza: zinakaukia kwenye uzi. Wiki mbili za mwanzo ni nyekundu na zimejaa. Kisha hunywea, hukunjamana, rangi inakoza kuwa ya damu ya mzee, na nafasi zinaanza kuonekana kati ya moja na nyingine. Usizikaze sana mwanzoni, acha ncha moja bila kukata uzi, kisha wiki ya tatu zisukume zikaribiane na ufunge upya. Mtungo unaofika Januari hivi utakuwa umefupika, na hilo ni la kawaida. Dalili mbaya ni tunda linalolainika na kutoa maji badala ya kukunjamana. Litoe siku hiyohiyo kwa kulikata kwa mkasi mdogo, maana lililo jirani litafuata. Katika hewa ya pwani hata zikipatikana, nisingezitundika zaidi ya siku kumi.

Vipande vya chungwa vilivyopita mtihani wa chupa ndivyo vinavyovumilia hewa nyingi zaidi. Katika nyumba kavu vinakaa msimu mzima na kuhifadhiwa kwa mwaka ujao. Katika Nairobi au Arusha, ambako kuna ubaridi na hewa si nzito kama ya pwani, vinamaliza wiki tano bila shida visipokuwa karibu na dirisha linalopigwa na mvua. Pwani vinanata, kwa sababu sukari iliyobaki ndani huvuta maji. Lakini tofauti na bisi, kunata si kufa. Vishushe, virudishe kwenye oveni ya moto mdogo kwa nusu saa hadi saa, vikipoa vitakuwa vigumu tena. Aliye Dar na anayekubali kufanya hivyo mara moja kwa wiki atafika Mwaka Mpya.

Kuna wanaopuliza vanishi isiyo na rangi ili kuziba unyevu nje. Kwa chungwa inasaidia kweli, mradi kipande kimekauka kabisa. Ukipuliza juu ya kipande chenye maji ndani, umefungia unyevu, na ukungu utaota chini ya vanishi usikoweza kuufuta. Pia mtungo uliopulizwa haufai tena kuliwa na mtu wala ndege.

Niseme na juu ya mchanganyiko wa bisi na kranberi kwenye uzi mmoja, nyeupe nyekundu nyeupe nyekundu, ambao ndio unaoonekana kwenye picha nyingi. Ni mzuri sana, na ndio unaochoka mapema. Kranberi inatoa maji wakati bisi jirani yake inayanywa. Bisi inatoka madoa ya waridi, inalainika kutoka ndani na kukatwa na uzi. Ukiupenda, tunga mitungo miwili tofauti, bisi peke yake na kranberi peke yake, kisha itundike sambamba. Kwa mbali jicho linaona mchanganyiko uleule.

Wadudu

Pwani, sisimizi watalifikia chungwa kabla ya wageni. Wanafuata uzi kutoka kwenye msumari. Pakaa mafuta ya mgando kwenye msumari wenyewe na pande mbili za fundo, na usiache mtungo uguse ukuta. Bisi huleta mende na panya, ambao hawasubiri sukari. Kranberi, kwa uchachu wake, ndizo zinazoachwa zaidi na wote hawa.

Kwenye nyumba za kaskazini adui ni nondo mdogo wa nafaka, ambaye hutaga kwenye bisi na kwenye matunda makavu. Utamjua kwa utando mwembamba kama wa buibui kati ya bisi na bisi, na kiwavi mweupe ndani yake. Mtungo huo hauponi, utoe nje. Vipande vya chungwa unavyotaka kuhifadhi, viweke siku nne kwenye friza vikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, kisha kwenye bati lenye kifuniko kinachobana.

Kwa mtungo wowote, mishumaa ikae mbali. Bisi na chungwa kavu vyote hushika moto upesi. Watoto wadogo na mbwa nao huvuta uzi wakautafuna, na uzi uliomezwa ni hatari kuliko tunda lenyewe, kwa hiyo tundika juu ya mikono yao.

Unachagua nini, kwa hali yako

Uko kwenye nyumba inayopashwa joto na una watoto wanaotaka kushika sindano leo jioni: bisi zilizolala usiku mmoja. Ni za bei ndogo, ni nyepesi, wakivunja hamsini hakuna hasara. Mwache mtoto wa miaka sita atumie sindano butu ya plastiki na aanze na bisi kubwa.

Uko ughaibuni na unataka rangi nyekundu ya kweli bila kuwasha oveni: kranberi kwa uzi wa meno, ukijua zitakunjamana na utazisogeza mara moja. Usitundike juu ya zulia jeupe wiki ya kwanza.

Uko Nairobi, Arusha, Mbeya au Kigali: machungwa ndiyo yenye uhakika. Bisi zinaweza kukaa pia, ila zitundike mbali na jikoni na bafu, na uzijaribu kwanza. Tundika tano tu kwa siku tatu pale unapotaka kuweka mtungo. Zikibaki ngumu, tunga zote.

Uko pwani, Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, na chumba kina kiyoyozi kinachowashwa muda mwingi: kiyoyozi hukausha hewa, kwa hiyo chungwa litakaa vizuri na hata bisi zitajikaza. Kisipokuwepo, chungwa lenye kurudishwa kwenye oveni kila wiki, au bisi zinazotungwa tarehe 23 na kushushwa tarehe 27. Kukausha machungwa juani Desemba pwani sikushauri: mchana yanakauka nje tu, usiku yananyonya tena, na ukungu huwahi kabla hayajafika katikati.

Unataka kitu cha kutumia tena mwaka ujao: chungwa pekee. Bisi na kranberi zikishushwa, toa uzi wote na uzimwage nje kwa ajili ya ndege, mradi hukutia chumvi wala vanishi.